Mpe Pacha

Tecla alikuwa amenyanyua kikombe cha chai aliposikia jina la shule anayofundisha likitajwa kwa sauti ya kuitia mwizi.

"Rusenga!" Rogasian, mkuu wa jopo la Kiingereza, alisimama katikati ya ukumbi na bunda la karatasi mkononi. "Sekondari ya Rusenga. Hawa wameibia, na wameibia kijinga."

Walimu wa Ngara na Biharamulo walikuwa wamekusanyika pale kusahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Walisahihisha kwa mkanda, kama ilivyo ada: kila meza na swali lake, karatasi ikimalizwa hapa inasukumwa pale. Hakuna aliyeisoma karatasi yote. Wa tahajia aliona tahajia tu, na wa insha aliona insha tu.

Fideli, aliyeongoza meza ya tahajia, alieleza alichokiona. Watahiniwa walipewa maneno wayaongezee viambishi. Watoto wote wa Rusenga, bila kubakiza hata mmoja, walipata *beginning* na *occurred*. Wote hao hao wakaandika *openning*, *listenning* na *visitted*.

"Kosa moja, darasa zima," alisema Fideli. Hakuwa na ubaya, alikuwa anashangaa tu.

"Na hapa je?" Rogasian alipekua. "Shule ya porini, lakini *receipt* wameweka ile p isiyosomwa. *Doubt* wameweka b. *Wednesday* sawa, *knife* sawa. *Quiet* na *quite* hawajachanganya, *advice* na *advise* hawajachanganya, na walimu wenzangu humu ndani wanazichanganya kila siku. Halafu hao hao wanashindwa kuandika *opening*? Kuna mtu amewapa majibu, na huyo mtu naye hajui." Akachukua orodha ya mahudhurio. "Manirakiza. Ndizeye. Mukandayisenga. Nshimiyimana. Watoto wa wakimbizi hawa, kubebana ndiyo kazi yao. Tunafuta matokeo ya shule nzima."

Tecla alitua kikombe. Chai ikamwagika, akaiacha imwagike.

Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Wakimbizi! Mtoto aliyezaliwa hapa, babu yake kalima mihogo hapa mpaka mgongo ukapinda, leo anaitwa mkimbizi na mtu aliyeshiba mihogo hiyo hiyo. Na matokeo yakifutwa, watoto wangeingia mtihani wa taifa na jina la wezi limewaganda. Wazazi wengine walikuwa wanatafuta kisingizio tu cha kuwarudisha binti zao shambani.

"Rogasian," alisema, na heshima yote ya "mheshimiwa mwenyekiti" aliiacha chini ya meza. "Wanangu hawakuiba."

"Madamu, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapa wameoza wote, unatetea nini?"

"Nipe insha zao."

"Mwalimu hagusi karatasi za shule yake. Kanuni unaijua."

"Basi azisome Fideli. Mimi mikono yangu hii hapa." Akaiweka mgongoni kama mahabusu, na wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Kuhusu hizo herufi zisizosomwa na maneno ya kufanana, hakuwa na wasiwasi. Darasani kwake zile herufi zilisomwa, tena kwa kelele: *wed-nes-day*, *dou-b-t*, *re-cei-p-t*, mpaka mpishi wa shule alizijua. *Advice* aliwaambia ina *ice* ndani, na barafu ni kitu, kwa hiyo hilo ni jina. Lenye s ni kitendo. Kilichomsumbua kilikuwa kile kingine, cha konsonanti mbili. Alikijua tangu Fideli alipotamka *openning*. Alikijua, na alikuwa anajipa muda kwa kufoka.

Fideli alianza kusoma insha kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti. Kila mtahiniwa alikuwa amejichagulia habari yake. Mmoja aliandika juu ya bustani ya mama yake: *gardenning*. Mwingine alisimulia ajali ya pikipiki: *happenned*. Wa tatu aliandika juu ya harusi, watu walitoa ng'ombe: *offerred*. Lakini *stopped* na *planning* zilikuwa sawa, na *raining* haikuwa na n mbili.

"Habari ni tofauti," alisema Fideli polepole. "Maneno ni tofauti. Hapa hakuna aliyemwangalia mwenzake."

"Ila ugonjwa ni mmoja," alisema Rogasian. "Umetoka wapi?"

Tecla angeweza kusema hajui. Kitabu cha kiada kingebeba lawama, vitabu havijitetei.

"Umetoka kwangu," alisema. "Kanuni ina miguu miwili. Neno likiishia irabu moja na konsonanti moja, ile konsonanti unaiongeza. Lakini likiwa na silabi mbili, unaongeza pale tu sauti inapolemea silabi ya mwisho. *Begin* inalemea mwisho. *Open* inalemea mwanzo, haiongezwi. Mguu wa pili niliukata."

"Ukaukata! Kwa nini?"

"Kwa sababu hawausikii! Sisi tunalemea silabi ya pili kutoka mwisho, neno lolote lile. Mtoto wa Rusenga anasema *begin* kama anavyosema *mama*. Hata mimi nasema hivyo, na wewe unasema hivyo. Nilijaribu juma zima, nikachoka, nikawatungia wimbo: irabu moja, konsonanti moja, mpe pacha. Wakaushika. Nikafurahi." Sauti ilimkatika kwa hasira, na safari hii hasira ilikuwa yake mwenyewe, juu yake mwenyewe. "Andika hivyo. Andika mwalimu kapotosha. Lakini neno wizi ulifute, na hilo la wakimbizi ulimeze."

Rogasian aliandika. Matokeo hayakufutwa, makosa yalikatwa alama kama ya shule nyingine yoyote. Barua ya kujieleza ingemfuata Tecla kwa mkuu wake wa shule. Lile la wakimbizi Rogasian hakuliomba radhi, alisafisha miwani tu.

Shule zilipofunguliwa, Tecla aliingia kidato cha nne na karatasi zao. Wakasimama, "Shikamoo madamu," akaitikia, wakakaa. Akawaeleza yote, mguu uliokatwa na aliyeukata. Tuhuma za wizi na maneno ya Rogasian hakuwapelekea.

Mukandayisenga, binti aliyeongoza ule wimbo kila asubuhi, alikuwa ameishika karatasi yake kwa mikono miwili. Kila penye pacha wa bure palikuwa na wino mwekundu.

"Kwa hiyo madamu, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua hatusikii, ukatuacha?" Macho yalimjaa maji, na hayakuwa ya huzuni. "Mimi huu wimbo nimewafundisha na wadogo zangu nyumbani. Wa kidato cha pili wote wanauimba."

Tecla akachukua chaki, akaandika *open* na *begin* ubaoni, akageuka. "Tutapiga dawati. Pale sauti inapolemea, piga. Tutapiga mpaka tusikie, na mimi nitapiga pamoja nanyi."

Hakuna aliyenyanyua mkono. Mukandayisenga alisimama, akaenda kwenye kabati la nyuma, akarudi na kamusi kuukuu ya darasa, akaifungua kwenye dawati lake.

"Fundisha, madamu," alisema. "Ila kila neno tutalitazama humu kwanza."

"Litazameni," alijibu Tecla, akasubiri mpaka wapate ukurasa.