Fibi wa Kenkrea na Benchi la Mzee Hosea

Anosisye anajua Kigiriki na anaogopa wazee, na kati ya hayo mawili, la pili amelisomea zaidi. Mimi Winfrida ndimi ninayehakiki Kiswahili chake. Uoga huo niliuona kwa karibu, ofisini kwetu Bulyaga, tulipokwama kwenye tafsiri yenye ufafanuzi tunayoliandalia kanisa letu, kwenye Waraka kwa Warumi, sura ya kumi na sita, aya ya kwanza.

Hapo Paulo anamtambulisha Fibi, kwa Kigiriki diakonos wa kanisa la Kenkrea. Biblia tuliyokulia inamwita "mhudumu". Neno hilohilo likiwa la viongozi wa Filipi, inasema "mashemasi". Anosisye aliandika shemasi, akafuta, akaandika mhudumu, akafuta. Hoja zake zilikuwa za kweli, siwezi kumnyima. Paulo naye hujiita diakonos, wala hatumwiti shemasi. Tena siku zile cheo chenyewe hakikuwa na mitihani na kola kama leo. Lakini Fibi anaitwa diakonos wa kanisa fulani, lenye mahali pake, kama mtu mwenye kazi inayojulikana.

"Nikiandika shemasi naongeza, nikiandika mhudumu napunguza," aliniambia. Ningemhurumia, kama nisingejua alichokuwa anakiogopa.

Alikuwa anamwogopa Mzee Hosea. Kanisa letu lilikuwa linasubiri ufafanuzi huo ndipo liamue kama Sekela, aliyemaliza masomo yote, awekewe mikono kuwa shemasi. Sekela ni mke wa mtoto wa Mzee Hosea. Na Mzee Hosea, shemasi wa siku nyingi, ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya tafsiri. Kigiriki chake kingeingia kwenye kijiko cha chai na nafasi ikabaki, ila kila kikao alisema, "Kigiriki hakisemi shemasi," na wenzake wakatikisa vichwa kukubali kana kwamba wamekisikia kikisema.

Tukaenda kijijini Mpuguso kupima rasimu, kama tunavyopima kila sura: unawasomea watu ambao hawajaiona, kisha unauliza na kunyamaza. Nilisoma yenye "mhudumu". Fibi alifanya kazi gani kanisani? Wakajibu alifagia, alipikia wageni. Nikasoma ya Filipi. Hao mashemasi je? Waliwekewa mikono, wakasema, walisimama na mchungaji mezani. Neno moja la Paulo, na sisi tumempa mmoja ufagio na wengine kikombe.

Kikao kilichofuata Anosisye aliyasoma majibu hayo kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Sekela alikuwa ametuletea chai. Aliweka chupa kizingitini, akakohoa, akageuka, maana kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala mkwe hamtazami yeye. Ni heshima ya zamani, na wanaoishika kwa moyo siwacheki.

"Kigiriki hakisemi shemasi," alisema Mzee Hosea.

Sijui nini kilimpata Anosisye. Labda alichoka kujidharau. "Sawa, mzee. Neno ni moja, basi tulitafsiri namna moja. Naandika mhudumu kwa Fibi, na kwa Wafilipi tunafafanua kuwa nao ni wahudumu tu. Na kwenye utangulizi nitaeleza kwamba cheo chako ni hichohicho."

"Wafilipi usiwaguse!"

"Kwa nini, mzee? Mhudumu ni neno baya?"

Mzee Hosea alipiga meza. "Wewe Anosisye, unataka mkamwana wangu anisimamie mbele, ananipa kikombe? Nitaangalia wapi mimi?"

Miezi yote ile ya Kigiriki, na mtu mzima alikuwa anaficha jambo ambalo angelisema siku ya kwanza tukalitafutia njia kwa adabu. Nilimdharau, na bado namdharau: si kwa mila yake, bali kwa kumvika Paulo mila hiyo na kuiita elimu. Wanakamati waliokuwa wakitikisa vichwa sasa walitazama vikombe vyao. Anosisye aliandika "shemasi", akaweka maelezo chini ya ukurasa kwamba cheo hicho hakikuwa kama cha leo, na safari hii hakufuta.

Sekela aliwekewa mikono. Jumapili ya kwanza ya meza ya Bwana tulimwambia mchungaji ahudumie upande wa wazee ili Mzee Hosea asiaibike. Alikubali. Mzee Hosea ndiye aliyekataa. Alisema yeye hahitaji kuhurumiwa na huyo Fibi wetu. Mkate ulipoanza kutolewa alichukua kofia yake akatoka, akaacha damu ya Kristo mezani kwa sababu ya mkono wa mkamwana uliokuwa chumba kimoja naye.

Sekela aliwapa watu wa upande wake wote, taratibu, bila kukosea neno. Alipomaliza aligeuka kulitazama benchi la wazee, ambalo hakuwahi kulitazama tangu aolewe. Kisha akafuta kikombe, akakirudisha mezani.