Mistari Niliyotaka Kuifuta

Karakana nzima wananiita Mama Jicho. Jina hilo sikupewa bure. Miaka kumi na tisa nimechora alama kwenye mabamba ya chuma, na ukiniletea bamba nakwambia upande gani umepinda kabla hujalitua mezani. Baba yangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema rula ni ya mtu asiyejiamini. Nikamwamini. Mtoto akimwamini baba yake kwa miaka mingi hivyo, kumng'oa kwenye imani hiyo kunahitaji nyundo.

Nyundo ikaja kwa karatasi. Uongozi ulibandika tangazo mlangoni: kuanzia mwaka ujao, asiye na cheti cha ufundi hatashika kazi ya kuchora alama, atapelekwa kwenye kusaga kingo. Kusaga kingo si kazi mbaya, simdharau mtu. Lakini ni kazi ya kumalizia michoro ya wengine, na mimi tangu ujana wangu ndiye niliyekuwa nachora.

Mtihani wa cheti una nafasi tatu. Nilikuwa nimeshaanguka mara mbili.

Mara ya kwanza nilikata bamba zuri, nikalifuta kwa kitambaa mpaka nikaona uso wangu, nikalipeleka kwa msahihishaji. Ni mzee mmoja mwembamba ambaye miwani yake huning'inia kifuani kwa uzi, kwa hiyo watahiniwa tunamwita Mzee Miwani. Akaligeuza, akauliza, "Mistari ya ujenzi iko wapi?" Nikamwambia mistari hiyo ya kupatia umbo nimeisafisha. Kwetu fundi haachi uchafu kazini. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikatoka kapa.

Mara ya pili swali lilikuwa lile lile: duara, na nukta moja nje ya duara. Kutoka kwenye nukta ile uchore mstari unyooke, uguse duara mahali pamoja tu, bila kuingia ndani. Ndio huo wanaouita tanjenti. Ni umbo la wenzo, kichwa cha mviringo na mkia uliochongoka. Niliweka rula kwenye nukta, nikaisogeza mpaka ikalala kwenye duara, nikachora. Mzee Miwani akauliza, "Unagusa wapi hasa?" Nikaonyesha kwa kidole. Akachukua skwea, ile pembe mraba ya chuma yenye mikono miwili, akaiweka mkono mmoja kwenye mstari wangu na mwingine kuelekea kitovu. Haikukaa. Kati ya skwea na nukta ya kitovu kulikuwa na nafasi ya kupitisha ukucha.

"Umejuaje kuwa ni hapo?" akauliza.

"Nimeona."

"Macho yako ni mazuri, mama," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionikata maini. "Lakini rula ikikaribia duara, huonekana kama inagusa sehemu ndefu. Hakuna jicho linaloweza kuchagua nukta moja hapo."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Jumamosi ile mchana, baada ya kuanika nguo, nilikaa mezani na bikari na karatasi, nikichora na kuchana. Binti yangu, wa kidato cha pili, alikuwa upande wa pili wa meza na madaftari yake. Naye alikuwa na mtihani Jumatatu.

"Mama, hiyo tumefundishwa," akasema.

"Soma vyako."

"Ndivyo vyangu hivyo. Ukurasa wa arobaini."

Sitadanganya, nilikasirika. Mtoto niliyemfundisha kushika kijiko aje anifundishe kushika bikari? Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi uvunguni nilikuwa nimeshafika siku nyingi. Nikavuta kiti.

Akanisomea. Unganisha kitovu cha duara na nukta ya nje. Tafuta katikati ya mstari huo. Weka bikari hapo katikati, ifungue mpaka kwenye kitovu, uchore nusu duara. Pale nusu duara inapokata duara lako, ndipo mahali pa kugusa. Vuta mstari kutoka nukta ya nje mpaka hapo, kwisha.

"Kwa nini pale?" nikauliza.

Akatazama daftari. Akaligeuza, kana kwamba jibu liko nyuma. "Mwalimu alisema pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi tisini. Mimi nimekariri tu, Mama."

"Basi tuko wajinga wawili meza moja."

Alicheka, nami nikacheka, na hasira ikaniisha. Nikaenda kuchukua ubao wa zamani na misumari miwili na skwea yangu. Kama pembe ile ni nyuzi tisini, basi ni skwea, na skwea naijua kuliko ninavyojua jamaa zangu. Nikapigilia misumari miwili, shubiri moja na kidogo kati yake. Nikaiweka skwea juu yake, mkono mmoja ukiegemea msumari huu kwa ndani, wa pili ukiegemea ule. Nikamwambia binti aweke penseli kwenye kona ya ndani na asiiachie. Nikaanza kuisogeza skwea taratibu, mikono yake yote miwili isiachane na misumari.

Penseli ikapanda, ikapinda, ikashuka. Nilipoiondoa skwea, ubaoni kulikuwa na nusu duara safi, kutoka msumari hadi msumari.

Nilikuwa nimeishika skwea ile miaka kumi na tisa na haikuwahi kuniambia.

"Kwa hiyo," binti akasema polepole, akiweka kidole kwenye msumari mmoja, "huu ukiwa kitovu cha duara lako, na ule ukiwa nukta ya nje…"

"Kona ya skwea ikikaa juu ya duara langu," nikamalizia, "mkono mmoja unakwenda kwenye kitovu, wa pili unakwenda kwenye nukta ya nje. Na imesimama mraba."

"Na mstari ukisimama mraba kwenye ncha ya nusukipenyo hauingii ndani."

"Kwa nini?" Nilimuuliza kwa sababu nilitaka aseme yeye.

Akafikiri, akiuma penseli. "Kwa sababu ukitoka pale, uende kulia au kushoto juu ya mstari huo, unazidi kuwa mbali na kitovu. Karibu kabisa ni pale tu. Kwa hiyo kwingine kote uko nje."

Nilimshika kichwa kwa mikono yangu yenye grisi ya ile skwea, nikambusu utosini. Akalalamika kuwa ametoka kuosha nywele. Jioni ile alinichorea maswali sita, na hakugusa somo lake jingine lolote. Nilimwambia asome vyake, akasema, "Hivi ni vyangu, Mama," nami nikainamia bikari nisije nikalia.

Siku ya mtihani wa tatu nilipewa bamba, chaki ya fundi kwa mistari ya ujenzi, na msumari wa kuchorea mistari ya mwisho. Duara la nusukipenyo cha milimita tisini, nukta ya nje milimita mia na hamsini kutoka kitovu. Nikaunganisha. Nikapata katikati kwa bikari, sabini na tano kila upande. Nikachora duara la msaada, nalo likakata duara langu juu na chini, mahali pawili, kwa sababu kutoka nukta ya nje kuna tanjenti mbili. Nikagonga tundu dogo la panchi kila mahali pa kugusa, nikavuta mistari miwili kwa msumari. Nikapima urefu wa kila mmoja: mia na ishirini kamili, tena sawasawa. Moyo ukatulia.

Na moyo ulipotulia, mkono ukafanya ulilozoea. Ukachukua kitambaa, ukafuta.

Nilipozinduka, chaki yote ilikuwa imekwenda. Bamba lilikuwa linang'aa, na juu yake duara, nukta zake na mistari miwili mizuri, bila kitu cha kueleza mistari hiyo imetoka wapi. Niliona kiza. Kivuli cha Mzee Miwani kilikuwa kimeshafika mezani kwangu.

"Mistari ya ujenzi?" akauliza, kama mara ya kwanza.

"Nimeifuta," nikasema. "Mkono wangu ni mpumbavu. Muda umeisha?"

Akatazama saa ya ukutani. "Bado dakika nne."

Nilipiga moyo konde. Nilichukua skwea, nikaiweka juu ya bamba: mkono mmoja ukapita kwenye kitovu, wa pili kwenye nukta ya nje, na kona ikatua kwenye tundu langu la panchi bila kusukumwa. Nikamwambia, "Kona ya skwea inayoegemea nukta hizi mbili, popote ukiisogeza, haitoki kwenye nusu duara hii." Na huku nasema, nikaichora upya kwa chaki: mstari wa kuunganisha, matao mawili ya kupata katikati, kisha duara la msaada. Likapita juu ya matundu yangu yote mawili. "Pembe hapa ni mraba. Huu ni nusukipenyo. Kwa hiyo mstari huu hauna pa kuingilia, kila hatua ukitoka hapa unakwenda mbali na kitovu."

Alivaa miwani yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akainama. Akajaribu kwa skwea yake mwenyewe, juu na chini. Kengele ikalia, na kitambaa kilikuwa sakafuni, nimekikanyaga.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

Akanisogezea fomu. Mwisho wake pana mstari: *Jina la aliyekufundisha*. Mara mbili zilizopita niliandika jina la baba yangu, na sijutii, alinipa mikono. Safari hii niliandika: *Binti yangu, kidato cha pili*. Nilidhani atakataa. Alisoma, akagonga muhuri, akasema, "Mfikishie shukrani zangu. Na lile swali la 'umejuaje', nimekuwa nikikusubiri ulijibu."

Cheti kilikuja baada ya wiki mbili, pamoja na bamba langu. Nilikuwa nimelipaka vanishi siku ile ile ya mtihani, kwa ruhusa ya mzee, ili chaki isitoke tena. Kila kazi niliyofanya maishani imetoka mikononi mwangu safi. Hii moja nimeiacha na matao yake na duara lake la msaada, yote yanaonekana.

Binti alirudi kutoka shule akakuta bahasha mezani. Alisoma jina langu kwa sauti, akanipongeza, akaendelea kusoma mpaka mstari wa chini, wa aliyenifundisha. Hapo machozi yakamtoka. Akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, upande wa pili wa meza, akakishika cheti kwa mikono yote miwili.

"Mama, wameniandika mimi."

"Asante, mwalimu wangu," nikamwambia, nikaenda kuinjika chai, maana na mimi nilikuwa nalia.