Hakuna Zaidi ya Nearest

Mwalimu Ursula hakuwa mkali, ila alikuwa na kitambaa cha kufutia ubao, na tulikiogopa kuliko fimbo. Alikuwa mtu wa Kibara, binti wa wavuvi, amesomeshwa ualimu na masista. Alasiri alitufundisha Kiingereza sisi wanawake wa Musoma tuliotaka kwenda Mwanza kusomea unesi. Kabla ya kuchukuliwa ilibidi uandike aya moja mbele ya Sista Mzungu wa hospitali, na kila mtu mjini alijua kinachowaangusha watu.

Kilichotuangusha ni kulinganisha. Sisi tumezoea kusema bora zaidi, kwa hiyo tulipopata better tukaitafutia na zaidi yake, tukaandika more better. Tukaandika na most fastest. Mwalimu Ursula alituambia mpaka akachoka kwamba neno fupi hubeba zaidi yake mkiani: near, nearer, nearest. Neno refu kama beautiful ndilo linalosaidiwa na more au most. Good nayo ina njia yake, better, kisha best. Ukiweka vyote viwili umemvika mtu kofia juu ya kofia.

Desturi yake ilikuwa kuchukua aya ya mmoja wetu, kuiandika ubaoni bila jina, na kufuta neno lililozidi. Kisha darasa zima tunasoma kwa sauti sentensi iliyonyooka, tunairudia mpaka iingie kichwani. Mimi Siwema nilipenda kupiga kelele, basi nilisoma kuwashinda wote.

Wiki ile aya ilikuwa ya Mwanaupe. Hata bila jina tulijua, maana hakuna mwingine aliyeandika mambo ya namna ile. Alikuwa jirani yangu na tuliketi benchi moja, sisi wawili tu. Mumewe Hamduni, dereva wa lori la Bunda, alipinduka na lori karibu na Nyamuswa akafa. Eda ilikuwa imekwisha juzi juzi tu, na tayari Muharami, mdogo wa marehemu, alikuwa anamtaka. Alishatangaza kwamba ndoa itafungwa Ijumaa, isipokuwa mwanamke awe amepata nafasi ya Mwanza. Wazee walikubali hivyo. Mtihani ulikuwa Alhamisi. Mwanaupe hakumtaka Muharami hata kwa dawa.

Ubaoni paliandikwa: A man stands behind my house. Yesterday he was near the road. Today he is more nearer. Mwanamume amesimama nyuma ya nyumba yangu, jana alikuwa karibu na barabara, leo amesogea. Tulicheka. Mwalimu Ursula akafuta more, nasi tukaimba, he is nearer, he is nearer. Mwanaupe hakufungua mdomo.

Somo lililofuata akaandika kosa lile lile. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Mwanaupe, nearer inatosha. Hiyo more ya nini?"

"Mwalimu, nearer ilikuwa siku ile tuliyosoma," akasema kwa utaratibu. "Sasa amepita hapo. Nitumie neno gani?"

"Mwisho wa ngazi ni nearest."

"Na baada ya nearest?"

"Hakuna. Neno linaishia hapo."

Mwanaupe akaitazama ile more kana kwamba anaiombea isifutwe. Mwalimu akaifuta. Tukaimba tena, na mimi, kwa ujinga wangu, nikaimba kwa nguvu.

Tulirudi pamoja hadi uani kwake. Jua lilikuwa bado kali, watoto wa jirani wanacheza barabarani. Nikamwambia aache michezo, mtihani si mahali pa kutunga vituko.

"Situngi, dada," akasema. "Hamduni alikuwaga anasimama pale barabarani akirudi safari, anangoja nimwone ndo aingie. Baada ya eda nikamwona tena amesimama pale, kesho yake nyuma ya nyumba. Nikaandika. Mkasoma, na jioni ile akawa kisimani. Leo mmesoma tena."

"Yuko wapi?"

Hakunionyesha. Alimwaga tu mtama, kuku wakaja mbio. Walidonoa uani kote, ila karibu na kizingiti cha jiko walikuwa wanapita kando, wanazunguka mahali patupu penye mtama tele, wala hakuna aliyeingiza shingo. Nikasikia harufu ya petroli. Mimi si mwoga, lakini nikasema naenda kuangalia sufuria yangu.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Ursula nikamweleza. Alinisikiliza akikung'uta kile kitambaa, vumbi la chaki likamjaa mikononi.

"Mimi nasahihisha Kiingereza, Siwema," akasema. "Akiandika more nearer mbele ya Sista, ameanguka. Akianguka, Ijumaa anaolewa. Unataka nimwachie?"

Nilimchukia kidogo, kwa sababu alisema kweli.

Nilimshauri Mwanaupe aandike juu ya sato na kamongo, nani mkubwa, nani mtamu. Samaki hawasogei uani kwa mtu. Alikubali. Lakini Alhamisi Sista aliingia na kichwa chake cha habari mkononi: watu walio karibu nami. Niliona Mwanaupe akifumba macho.

Akanong'ona bila kunitazama, "Nimekuwa naogopa nearest bure. Si Mwalimu amesema hakuna zaidi? Hamduni akifika hapo, hana pa kusogea tena."

"Shoga, usiandike."

"Nisipoandika, Ijumaa naletewa Muharami. Afadhali huyu, namjua."

Akaandika. Chumbani tulikuwa wanawake tu, tumeinama. Mimi niliandika juu ya mama yangu na shangazi zangu. Katikati ya aya harufu ya petroli ikanijia puani, na mkono wangu wa upande wa Mwanaupe ukapata baridi, kama mtu amekaa akinizibia jua la dirishani. Sikugeuka. Ningegeuka nisingemaliza kuandika, na mimi pia nilitaka Mwanza.

Sista alisahihisha palepale, Mwalimu Ursula amesimama nyuma yake. Alipofika kwa Mwanaupe alisoma kwa sauti, akifurahi: Of all the people in this room, he is the nearest to me. Kati ya watu wote wa chumba hiki, yeye ndiye wa karibu kabisa. Akasema kulinganisha kumekaa sawa, hakuna more wala most ya ziada, tangu aanze kusahihisha Musoma hajaona safi hivi. Kosa ni dogo tu, la watu wa Kiswahili, ambao neno lao yeye ni moja kwa mwanamume na mwanamke. Hapa hamna mwanamume, akasema. Akakata he kwa wino mwekundu, juu yake akaandika she, akaninyooshea mimi kidole akitabasamu. Mwanaupe amefaulu, wa kwanza.

Mwalimu Ursula hakutabasamu. Alikuwa anatazama benchi letu, kile kitambaa amekikamata kwa mikono miwili.

"Sista," akasema kwa Kiswahili, akasahau kabisa Kiingereza chake, "pale hakukosea."

Sista hakumwelewa. Alimwita Mwanaupe mbele akachukue karatasi yake.

Benchi lile lilikuwa refu na miguu yake ilikuwa imesogezwa ndani mno, hivyo aliyekaa mwishoni asingeweza kukaa peke yake. Mwenzako akisimama, ubao wa benchi unanyanyuka upande wa pili, wewe unaanguka chini, na darasa linacheka. Nilijishika ukingoni kwa mikono yote miwili. Mwanaupe akasimama, akaenda.

Ubao haukunyanyuka.