Angalia Wifi

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na ndilo lililomwuma kuliko mguu. Mteja alikuwa ameomba dari ya ghorofa ya chini ipandishwe sentimita kumi na tano. Mchoraji akapandisha kuta kwenye ramani, akapandisha madirisha, akapandisha hata fremu za milango, kisha akaiacha ngazi ilivyokuwa: vidato kumi na vinane, kila kimoja sentimita kumi na saba na nusu. Mwenye nyumba angepanda vidato kumi na saba kwa raha zake, na cha mwisho angekipanda kwa kukikwea kama ukuta.

Aligundua asubuhi hiyo, saa tatu na nusu, akiwa amelala kwenye kochi la sebuleni na mguu wa kushoto umefungwa plasta hadi chini ya goti. Alimpigia simu msimamizi wa ujenzi.

"Mama, maseremala wangu wanaanza kukata mbao za ngazi saa tano," alisema msimamizi. "Mchoro mpya ukifika kabla ya hapo, nitaufuata. Ukichelewa, nitafuata nilio nao. Mbao ikishakatwa haiungwi."

Programu ya kuchorea ilikuwa kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha kazi, ghorofani, na leseni yake haikuruhusu mashine nyingine. Kati ya kochi na chumba hicho palikuwa na vidato kumi na vinne, na kwenye kidato cha kwanza alikuwa amekaa wifi yake.

Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa muuguzi mkuu wa wodi kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Alikuja kwa siku tatu kumwangalia mgonjwa. Hii ilikuwa siku ya kumi na mbili.

"Nipande kwa makalio tu, wifi," mchoraji aliomba. "Kidato kimoja kimoja, kinyumenyume."

"Panda," alijibu wifi, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikishona. "Ukifika juu utanikuta nimeshampigia daktari."

"Basi nishushie mashine."

"Na mgongo wangu ataubeba nani?"

Ndipo mchoraji alipomkumbuka fundi wa kompyuta, mwenye duka lake karibu na kituo cha mafuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkato kwa sababu ya ujumbe wake. Mkato hakupokea simu akiwa na wateja. Aliandika, na aliandika kama mtu anayelipia kila herufi.

"Kompyuta ya juu ina toleo gani la Windows?" aliuliza kwa maandishi, baada ya mchoraji kumweleza shida yake.

"Pro," alijibu mchoraji, maana ni Mkato mwenyewe aliyemwekea.

"Vizuri. Laptop ya mzee ni Home?"

"Ndiyo."

"Home haipokei wageni. Ila yenyewe inaweza kwenda kutembea. Washa Remote Desktop juu. Ingia kutokea chini. Ya juu isilale."

Kwa hiyo wifi alipanda kuiwasha hiyo njia ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali nayo, miwani ikiwa kwenye paji la uso, na mchoraji akamwelekeza kwa kupaza sauti kupitia uwazi wa ngazi. Kwanza nambari nne za kufungulia. Kisha Mipangilio. Kisha Mfumo.

"Sasa teremka mpaka uone Remote Desktop!"

"Nimeona. Pana kitufe kimezimwa."

"Kiwashe!"

"Inaniuliza kama nina hakika."

"Una hakika, wifi!"

"Mimi sina hakika. Wewe ndiye mwenye hakika. Nathibitisha kwa niaba yako."

Akathibitisha. Kwenye ukurasa huohuo lilikuwapo jina la kompyuta, nalo wifi alilisoma herufi moja moja, polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kusomea dawa za zamu ya usiku, na kila baada ya herufi tatu akataka mchoraji arudie alichosikia.

Chini, mchoraji alifungua kwenye laptop ya mumewe ile programu ya kuunganisha kompyuta kwa mbali, akaandika jina lile, kisha jina lake la mtumiaji, kisha zile nambari nne. Ikakataa. Akaandika tena, taratibu. Ikakataa.

"Nenosiri kamili," aliandika Mkato alipoulizwa. "Namba ni za palepale mezani tu."

Nenosiri kamili lilikuwa refu, nalo alilitunga siku aliyokuwa amemkasirikia mumewe. Aliliandika kimyakimya, akashukuru kwamba nukta nyeusi hazisomeki. Likaja onyo kwamba utambulisho wa kompyuta ile haukuweza kuhakikishwa. Kwa kuwa alijua iko vidato kumi na vinne juu ya kichwa chake, alikubali kuendelea. Na hapo, kwenye kioo kidogo cha laptop, ukatokea mchoro wake, uleule, umefunguka palepale alipouacha siku aliyoanguka.

"Wifi!" alipiga ukelele. "Nimeingia! Nipo huko juu!"

"Mbona sikuoni?"

"Kaa hapohapo karibu nayo. Kazi yako ni moja: usiiache ilale."

"Kulala?" Sauti ya ghorofani ilijaa fahari ya kazi. "Katika zamu yangu hajapata kulala mtu asiyetakiwa kulala."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Mchoraji aliifungua ngazi, akagawanya urefu mpya kwa vidato ishirini, akapata sentimita kumi na sita na nusu kila kimoja. Akafuta vidato vya zamani, akaanza kupanga vipya. Alikuwa kwenye cha pili pale kioo kilipofifia na kisanduku cha maneno kikatokea katikati. Kama wafanyavyo watu wote, alikifunga kwanza, akakusudia kukisoma baadaye. Akaunganisha upya. Mchoro ulikuwapo, kidato cha pili kikiwa nusu. Alimaliza cha pili na cha tatu, akatolewa tena.

"Wifi! Mashine imelala?"

"Iko macho kuliko wewe!"

Aliingia, akatolewa. Aliingia tena. Safari moja alipata dakika nzima, safari nyingine sekunde chache tu, mkono ukiwa bado hewani juu ya kipanya. Saa nne na dakika ishirini alikuwa na vidato vinane. Alipiga hesabu, naye alikuwa mtu wa hesabu: kwa mwendo ule, saa tano ingemkuta kwenye kidato cha kumi na nane, mahali palepale alipokosea mwanzo.

Akamwandikia Mkato: "Nikiingia natolewa. Nikiingia natolewa. Saidia."

Jibu lilichukua dakika nne.

"Angalia wifi."

Mchoraji aliusoma ujumbe ule mara mbili. Mkato, bila shaka, alimaanisha kile kisanduku cheusi cha intaneti kilichokaa juu ya kabati, kikipepesa taa zake bila hatia; hilo angelielewa mtu yeyote mwenye akili tulivu. Lakini mtu aliyekaa siku kumi na mbili chini ya ulinzi wa wifi, akinyweshwa dawa na wifi, akinyimwa ngazi na wifi, hana nafasi kichwani ya kusoma neno lile kwa maana nyingine. Herufi ni zilezile nne. Alichojiuliza ni jambo moja tu: Mkato, aliyekuwa dukani kwake, alijuaje?

Safari hii aliunganisha kwa utulivu, akaikunja mikono kifuani, akangoja. Hazikupita sekunde ishirini, kioo kikafifia na kisanduku kikaja. Hakukifunga. Alikisoma chote. Kilisema kwamba mtu mwingine ameingia kwenye ile kompyuta ya mbali, na ndiyo sababu muunganisho wake umekatika.

Mtu mwingine. Aliinua uso akaitazama dari.

"Wifi," aliita, kwa upole wa kutisha. "Hebu niambie, hapo ulipo unafanya nini hasa?"

"Naiamsha."

"Unaiamshaje?"

"Si ulisema isilale? Sasa mgonjwa wako huyu ana tabia mbaya. Kila ukitulia kidogo, anafunga macho: picha ya milima na saa, basi. Mimi nampapasa kwenye kipanya, naweka zile namba nne, anafumbua. Dakika haijaisha, kafumba tena. Ila nikuambie kitu cha ajabu, wifi."

"Niambie."

"Kila nikimwamsha, namkuta ameongeza kidato."

Mchoraji aliuficha uso ndani ya mto. Alicheka mpaka plasta ikagonga ukingo wa kochi, akalia kwa maumivu, kisha akacheka tena.

"Unalia?" sauti ya juu ilishtuka. "Umeumia?"

"Wifi, sikiliza. Hiyo mashine haikaliwi na wawili kwa wakati mmoja. Mimi nikiingia kutokea huku, huko inajifunga ili mtu asione ninachofanya. Wewe ukiifungua huko, mimi natupwa nje. Umenitupa nje mara kumi na tisa."

Ghorofani kipanya kilisikika kikisukumwa pembeni.

"Kwa hiyo ilikuwa macho wakati wote."

"Wakati wote."

"Na aliyekuwa akifanya kazi ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi ungesema," alisema wifi, kwa ukavu wa mtu aliyeandikiwa dawa isiyo yake. "Uliniambia nisiiache ilale. Hukuniambia nikiona amefumba macho, ndipo yu mzima."

Saa ilikuwa imefika nne na nusu.

"Kosa langu, wifi. Nalikiri. Sasa nisaidie mara moja tu. Ukiwa bado umeifungua, nenda Mipangilio, Mfumo, kwenye umeme. Mahali pa kulala, chagua Kamwe."

"Kamwe. Nimechagua. Halafu?"

"Halafu usiguse chochote."

"Hata kikizimika?"

"Hata kikizimika, wifi yangu."

"Nikae tu, namwangalia amefumba macho."

"Ukae tu."

Kwa muuguzi mkuu wa wodi, hiyo ilikuwa zamu ngumu kuliko zote alizowahi kushika. Mchoraji alisikia kiti kikilia juu yake, kikatulia, kikalia tena. Lakini kioo cha laptop, alipounganisha upya, hakikufifia. Kidato cha kumi. Cha kumi na tano. Mara moja nyayo ziliikaribia meza ya juu, na mkono wa mchoraji ukaganda. Nyayo zikarudi nyuma, zikifuatana na mguno. Cha ishirini kilikutana na sakafu ya ghorofa sawasawa. Alihifadhi, akautuma mchoro saa tano kasoro dakika saba. Msimamizi akajibu: "Umefika. Nimewasimamisha na misumeno mkononi."

Wifi aliteremka akiwa ameshika reli, akaketi pembeni ya kochi, akauweka mguu wenye plasta juu ya mapaja yake bila kuomba ruhusa, akaanza kukagua vidole kama vimevimba.

Mchoraji alichukua simu. Adabu ilimtaka amshukuru fundi.

"Imefanikiwa. Ulijuaje? Kweli alikuwa wifi."

Mkato alijibu haraka, safari hii.

"Huwa ni wifi. Uliizima ukaiwasha?"

Mchoraji alimtazama mwanamke aliyekuwa akikibonyeza kidole chake kikubwa cha mguu, akihesabu sekunde kwa kunong'ona.

"Huyu hazimiki," aliandika. "Nilimwomba tu akae kimya."

Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, Mkato alituma ujumbe wa alama peke yake: alama tatu za kuuliza.