Kilometa Zilizopotea Lusahunga

Barua ya kumfukuza Maduhu ilikuwa tayari kwenye mkoba wa Bonifasia, na wote wawili walijua hivyo. Walisimama mbele ya gereji ya Audax pale Lusahunga, malori ya kwenda mpakani Rusumo yakiwapita na kuwamwagia vumbi, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Bonifasia, mwenyeji wa Ngara, ndiye msimamizi wa mradi wa mbegu za mihogo. Maduhu alikuwa dereva wake kwa miaka sita. Tangu pikapu ivishwe rimu na matairi makubwa kwa ajili ya matope ya masika, mzunguko wao wa vijiji, uliokuwa kilometa mia na themanini, ulisomeka kwenye dashibodi mia na hamsini na saba. Mafuta yalikuwa yale yale. Kompyuta ya gari, iliyozoea kuonyesha kilometa tisa kwa lita, sasa haikufika hata nane.

"Hufiki vijiji vya mwisho," Bonifasia alimwambia wiki iliyopita, katikati ya mnada wa Nyakahura, wauza ng'ombe wakisikiliza. "Unageuza njiani, mafuta unauza. Mwizi wewe."

Waliosikia walikuwa Wasukuma wenzake, watu wa kanisani kwake, na shemeji yake Kwandu. Tangu siku hiyo Maduhu hakulala vizuri. Alikuwa na hasira ya mtu mzima aliyetukanwa hadharani, hasira isiyopata pa kukaa.

"Matairi haya yamezidi yale ya zamani kwa ukubwa," alisema sasa. "Nimeyapima kwa chaki. La zamani likizunguka mara moja, gari linakwenda mita mbili na sentimita thelathini na saba. Hili, mbili na hamsini na nne. Dashibodi inahesabu mizunguko tu, mama, haijui tairi limekua."

"Hilo nililirekebisha!" Audax alidakia. Alikuwa fundi mwenye maneno mengi na shukrani chache. "Niliweka kisanduku cha kusahihisha hesabu kwenye waya wa ishara ya mwendo. Asilimia saba, sawasawa na ukubwa wa tairi. Usinisingizie, mzee."

"Umesikia?" Bonifasia alisema. "Imesharekebishwa. Umebaki na nini?"

"Nguzo za kilometa za barabarani," Maduhu alijibu. "Twende nguzo ishirini. Dashibodi ikisoma ishirini, nipe hiyo barua."

Bonifasia alikubali, kwa sababu alitaka kumwona akiumbuka. Audax alipanda kiti cha nyuma. Maduhu akafuta hesabu ya safari penye nguzo ya kuanzia, bila kuihesabu, akaelekea Nyakahura. Sindano ya mwendo ilikuwa themanini, mwendo ambao Bonifasia mwenyewe aliuamuru, lakini simu ya Audax iliyokuwa ikipima mwendo kwa setilaiti ilisema tisini na mbili.

Penye nguzo ya ishirini, dashibodi ilisoma kumi na saba nukta nne.

"Nguzo zimewekwa vibaya," Bonifasia alisema, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

Maduhu akamgeukia fundi. "Asilimia saba uliongeza au ulipunguza?"

Audax akajikuna. "Tairi kubwa... nikadhani litafanya dashibodi isome kilometa nyingi mno. Nikapunguza."

"Tairi kubwa linazunguka mara chache kwa njia ile ile! Ilipungua yenyewe, nawe ukaipunguza tena!"

Fundi akapiga magoti chini ya dashibodi, bila hata kuomba radhi, akakigeuza kisanduku: kutoka kupunguza saba hadi kuongeza saba. Bonifasia akamtazama, mkoba ameubana kifuani. Wakafuta hesabu ya safari na wastani wa mafuta vianze upya, wakarudi kwa nguzo zile zile. Kwenye nguzo ya ishirini dashibodi ilisoma ishirini. Simu na sindano zilikuwa zikikubaliana njia nzima, na kompyuta ikaonyesha wastani wa kilometa tisa kwa lita.

Bonifasia akatoa barua, akaichana vipande vinne, akaviweka juu ya dashibodi. "Haya, yameisha. Kesho tuna safari ya Ngara, saa kumi na mbili asubuhi."

"Hayajaisha. Mnada ujao ni Alhamisi," Maduhu alisema. "Twende Nyakahura. Uliniita mwizi pale kwa mdomo wako. Ukanisafishe pale pale."

"Mimi, mbele ya wauza ng'ombe?" Alicheka kwa dharau. "Shukuru una kazi."

Maduhu alifikiria karo ya wanawe. Alifikiria pia uso wa Kwandu siku ile, alivyotazama chini kwa aibu kana kwamba ni kweli. Akazima gari pembeni ya barabara, akachomoa ufunguo na kuuweka juu ya vile vipande vya barua.

"Endesha mwenyewe, mama. Dashibodi sasa inasema kweli."

Akashuka, akavuka barabara, akapungia lori la kwanza lililokuwa likielekea Nyakahura, kwa Kwandu.