Daraja la Kwanza, Siku Moja Kabla ya Kukabidhiwa

Alhamisi ile nilimshukuru Mungu nikiwa bado juu ya bodaboda, upepo wa barabara ya uwanja wa ndege ukinipiga usoni. Ilibaki siku moja tu.

Kampuni yetu inahudumia mizigo inayoshuka na ndege hapa Juba. Wiki chache kabla ya hapo tuliacha makaratasi, tukawasha mfumo mpya wa kompyuta. Tangu siku hiyo Okumu na wenzake wa Kampala, walioutengeneza, walikaa nasi ghalani katika kipindi walichokiita uangalizi maalum. Kila kilichokwama kiliandikwa tiketi na kupewa daraja, la kwanza likiwa zito kuliko yote, kisha wao wakakirukia. Makubaliano yalikuwa hivi: siku tano za kazi zikipita mfululizo bila tukio la daraja la kwanza, wao wanarudi kwao, na msaada wa kila siku unakuwa wa dawati letu, yaani mimi na Loku.

Niliitaka kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Kompyuta nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, na kila tulipomaliza kusoma niliiombea njiani kurudi nyumbani Buluk. Siku nne zilikuwa zimepita safi. Hii ilikuwa ya tano. Kesho yake asubuhi kulikuwa na mkutano wa kukabidhi.

Kabla sijaketi, Fulgensio, meneja wetu, aliingia akitweta.

"Rejoice! Printa yangu imekufa. Andika daraja la kwanza."

"Mzee, ya hapa inafanya kazi. Tuma, nitakuletea. Hiyo ni daraja la nne."

"La nne? Meneja mzima?"

"Tunaangalia kazi iliyosimama na muda inaoweza kungoja, mzee. Hatuangalii kiti."

Loku aliinama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu, mabega yakimtikisika. Fulgensio naye alishindwa kununa, akaondoka akicheka.

Ndipo tuliposikia vifaranga.

Walikuwa wameshuka na ndege ya Entebbe, maboksi kwa maboksi, na nyuma yao alikuwa Shallon, Mganda anayewauzia wafugaji wa mtaa wa Mangateen. Alishika simu sikioni na kumpigia Okumu, ambaye alikuwa amesimama mbele yake.

"Okumu! Kompyuta yako inakataa! Mimi iko na vifaranga, hapana mawe!"

"Weka simu chini, mama, nakuona," Okumu alisema. "Mwambie Rejoice, aandike."

Nilimwuliza maswali yale tuliyofundishwa: nini, tangu lini, nani wengine. Jambo likawa wazi upesi. Hati ya mzigo ilisema maboksi sitini. Ndege ilibeba arobaini, ishirini yakabaki Entebbe kungoja ndege ya mchana. Mfumo ulihesabu, ukaona idadi haijatimia, ukakataa kutoa ruhusa hata kwa yale yaliyofika. Na bila ruhusa, mlinzi hafungui geti. Tangu tuanze, mizigo yote ilikuwa imefika mizima. Wakati wa majaribio hakuna aliyekumbuka kujaribu mzigo uliogawanyika.

Nilifika kwenye kisanduku cha daraja, vidole vikasimama.

Okumu aliinama karibu. "Dada, ni mteja mmoja. Andika la pili. Kesho tunakabidhi, Jumamosi niko nyumbani. Jumapili mtoto wangu anabatizwa."

"La pili linatosha kabisa," Loku alisema haraka. "Hebu fikiri, Rejoice. Siku ya tano!"

Nilijua. Nikiandika moja, hesabu inarudi sifuri. Niliomba kimoyomoyo, Bwana, kwa nini leo? Nilingoja jibu, lakini nilichosikia ni vifaranga tu. Basi nikajiuliza yale niliyomwambia mzee asubuhi. Kazi gani imesimama? Kutoa mzigo, na kila mzigo utakaogawanyika utakwama vivyo hivyo. Unaweza kungoja? Ndani ya ghala la mabati, saa tano ya Juba, hauwezi. Kuna njia ya kuzunguka? Huenda imo mwongozoni, lakini hakuna aliyeijua bado.

Nikaandika moja.

"Kalas," Loku alisema, akiweka mikono kichwani. "Imekwisha."

"Haijaisha. Fungua mwongozo. Sura ya mizigo isiyotimia."

Okumu alikuwa ameshavuta kiti kwenye kompyuta. Nilimshika bega. "Ndugu yangu, acha Loku afanye. Akikosea, ingia."

Alinitazama, akatazama maboksi, kisha akaingiza mikono mifukoni. Niliona jinsi ilivyomuuma.

Loku alisoma kwa sauti. Gawa hati iwe sehemu mbili. Karani wa ghala haruhusiwi. Dawati la msaada linaruhusiwa. Sehemu ya kwanza, yaliyofika, arobaini. Alibonyeza. Skrini ikawa nyekundu.

"Uzito!" nilisema. "Gawa uzito pia, haugawanyiki wenyewe."

Shallon alikuwa amefungua matundu ya boksi la juu na kuwapepea kwa kanga. "Fanyeni, watoto wa watu, fanyeni!"

Loku aliandika uzito wa mizani, akabonyeza tena. Printa yetu ikalia. Nilikimbia na karatasi hadi getini kama msichana wa shule, na Shallon akanifuata akisukuma toroli na kutubariki na kututukana kwa pumzi moja.

Niliporudi nilishusha tiketi kuwa daraja la tatu, maana sasa tulikuwa na njia ya kuzunguka. Lakini katika hesabu ya makubaliano, tukio lililofunguliwa daraja la kwanza linabaki la kwanza. Kisha nikafungua tiketi nyingine, ya chanzo chenyewe, nikaiandika kwa jina la Okumu ili akirekebishe.

Ijumaa mkutanoni, Fulgensio alinishangaza.

"Nimesoma yote," alisema. "Kanuni inasema hapana. Lakini dawati letu lilijitatulia lenyewe, bila Kampala kugusa kitu. Mimi niko tayari kuipita kanuni. Rejoice, mnapokea leo?"

Kitu nilichokiombea kilikuwa mezani, ilibaki ninyooshe mkono tu. Loku alinikanyaga mguu: pokea!

"Mzee," nilisema, "sisi tuko tayari. Mfumo ndio bado. Chanzo hakijarekebishwa, na mzigo wa namna hiyo utakuja tena. Nipe siku tano nyingine."

Okumu alifunika uso kwa viganja. "Huyu mama!"

"Wewe nenda kwenye ubatizo," nilimwambia. "Niachie mwenzako Kisakye. Simu zote zianze kuja kwetu. Yeye akae nyuma yetu, tumwite tukishindwa."

Fulgensio alitutazama mmoja baada ya mwingine, akacheka. "Tamam. Iwe hivyo."

Rekebisho lilijaribiwa Jumatatu kwa mzigo wa uongo uliogawanywa mara mbili, likawekwa jioni ndege zilipokwisha. Siku tulizihesabu upya kuanzia Ijumaa ile ya mkutano. Tulipata tiketi za nywila zilizosahaulika na jina la mteja lililokosewa, mambo ya kawaida, na Kisakye alimaliza wiki akisoma magazeti. Ijumaa iliyofuata Fulgensio aliweka sahihi, Okumu, aliyerudi na picha za mtoto, akaweka yake, nami nikaweka yangu. Nilisema amina kwa sauti bila kukusudia, na chumba kizima kikaitikia.

Gari la kuwapeleka kwenye ndege yao lilikuwa bado halijawasha injini wakati simu ya dawati ilipolia. Mimi na Loku tuliirukia pamoja. Niliiwahi mimi.

"Wale watu wa Kampala wako wapi?" sauti ya upande wa kupakulia iliuliza. "Hapa imekwama!"

"Wameondoka," nilisema, nikivuta kiti. "Tuko sisi. Niambie nini kimekwama, tangu lini."