Madoa ya Saa Kumi Kasorobo

Mumbua alikuwa ametoka Matinyani kuja mjini Kitui kuchukua saa ya marehemu baba yake, na hakuwa na nia ya kurudi bila hiyo.

Mezani kwa fundi Jabiri zilikuwa saa mbili za jeshi, zimefanana kama mapacha. Baba yake Mumbua na baba yake Ndululu, mteja mwenzake, walipewa saa hizo pamoja vitani Burma. Zililetwa kutiwa mafuta, mvua ikavuja dukani, na vikaratasi vya majina vikatoka wino. Ndululu alikuwa ameshajichagulia ile yenye uso mweupe zaidi.

"Hii ndiyo yetu," alisema. "Fundi, paka rangi mpya hapo kwenye madoa mawili, niende."

"Kupaka naweza," Jabiri akasema. "Lakini yuko mteja wangu wa Nairobi anayekusanya saa za zamani. Iliyopakwa rangi haigusi. Anasema rangi mpya mtu yeyote atatia jioni moja, lakini miaka arobaini hakuna fundi wa kuitia. Tena maandishi ya kiwanda yanafutika."

Mumbua, mwanamke wa kusugua sufuria hadi zimwoneshe uso wake, alikuwa amekuja kuomba vivyo hivyo: ing'arishwe. Akaliacha ombi hilo. Kama uzee hautiwi na mtu, basi uzee utasema ukweli.

"Ndululu, ya baba yako ilivaliwa mpaka lini?"

"Mpaka alipokufa mwaka jana, mwaka wa themanini na nane. Hata shambani."

"Yetu mama aliifungia kwenye kopo siku ya maziko, mwaka wa sitini na sita. Ikasimama saa kumi kasorobo. Haikutiwa ufunguo mpaka mwezi uliopita. Fundi, tazama hayo madoa."

Jabiri akafungua kioo, akaweka lenzi jichoni. Doa moja, fupi na nene, lilielekea karibu na nne. Jingine, refu, lilielekea tisa. Yalikuwa na umbo la mishale yenyewe.

"Ni jua tu," Ndululu akasema.

"Jua lingeacha weupe chini ya mishale, maana mishale ingekinga. Hapa ni kahawia." Jabiri hakuinua kichwa. "Mishale hii imejazwa rangi ya radiamu, ile ya kung'aa gizani. Mng'aro umekufa, radiamu bado. Imechoma uso polepole miaka yote, hata ndani ya kopo. Mshale unaotembea hauchomi mahali pamoja."

Akaigeuza ile nyingine. Uso wake ulikuwa rangi ya chai kote, nukta zake zimepasuka, mishale imezeeka sawa nazo. Doa la mshale halikuwepo.

Ndululu akaisukuma saa ya kwanza kwa Mumbua. "Mumbua, wewe ungefaa kuwa polisi."

"Mshahara wao mdogo." Akamgeukia fundi. "Funga kioo. Na usije ukayakwangua hayo madoa."

"Vumbi la rangi hiyo ni sumu, mama. Siwezi kuthubutu."

Ndululu akapitisha kidole juu ya saa yake yenye rangi ya chai.

"Na hii," akasema, "iache ilivyo."